Kutafsiri mwongozo wa kufunga sola kutoka Kichina: onyo la umeme libaki zima

Maswali ni yale yale kila mara kontena la inveta likishuka bandari ya Kilindini hapa Mombasa na mtu aliyesoma Kichina akaombwa atafsiri kile kijitabu cha ndani. 危险 na 警告 si neno moja tu? Onyo likirudiwa mara sita, niliandike mara sita? Mbona fundi alisoma tafsiri yangu akawasha pale alipotakiwa kuzima?

Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayejua Kichina na Kiswahili lakini hujawahi kutafsiri maandishi ya umeme. Hautakufundisha sola. Unashughulikia sehemu ambayo kosa la neno moja linaweza kuua, yaani maonyo ya upande wa disii, umeme unaotoka kwenye paneli kwenda kwenye inveta. Paneli kumi za kisasa zilizounganishwa kwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 49 hivi kabla ya kupewa kazi, hufikisha volti 490. Umeme wa nyumbani wa eisii hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche yake hupata nafasi ya kuzimika. Wa disii haupiti kwenye sifuri kabisa. Ukichomoa konekta umeme ukiwa unapita, mwali unaweza kuendelea kuwaka katikati ya ncha mbili hadi plastiki iyeyuke. Nadharia unayohitaji inaishia hapo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Waraka wa Kichina wenyewe kutoka kwa mtengenezaji, wa modeli ileile iliyo kwenye lebo ya kifaa. Linganisha hadi herufi ya mwisho, kwa sababu modeli mbili zinazotofautiana mkia tu zinaweza kutofautiana muda wa kusubiri baada ya kuzima.
- Kifaa chenyewe, au picha zake zilizo wazi: swichi zote, lebo zote, na ndani ya kifuniko cha nyaya.
- Fundi wa sola mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Kwa inveta inayounganishwa na gridi tafuta wa daraja la T3. Huyu si wa kukusahihishia Kiswahili. Kazi yake ni kusoma na kutenda mbele yako.
- Msomaji wa pili wa Kichina ambaye hajaiona tafsiri yako.
- Jedwali la safu tano: namba ya onyo, ukurasa, Kichina, Kiswahili, aliyehakiki.

Hatua ya 1. Yatoe maonyo yote na uyahesabu kabla ya kutafsiri hata sentensi moja

Pitia waraka wote ukitafuta maonyo peke yake. Tazama ndani ya michoro, chini ya majedwali, kwenye maandishi madogo ya ukurasa wa mwisho, na kwenye lebo zilizobandikwa kwenye kifaa. Kila moja lipe namba: O-01, O-02, na kuendelea. Ukipata 37, tafsiri nayo lazima iwe na 37.

Onyo linalojirudia linahesabiwa kila linapotokea. Wengi hulifuta wakidhani ni uvivu wa mwandishi. Lakini fundi aliye juu ya bati hasomi kijitabu kuanzia mwanzo. Anafungua ukurasa wa kazi anayoifanya saa hiyo, na onyo linapaswa kumkuta hapo hapo.

Hatua ya 2. Panga madaraja ya maonyo na usiyavuke

Tumia neno moja kwa kila daraja, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho:

- 危险: HATARI. Usipotii utakufa au kuumia vibaya.
- 警告: ONYO. Usipotii unaweza kufa au kuumia vibaya.
- 小心: TAHADHARI. Unaweza kupata jeraha dogo au la wastani.
- 须知: ZINGATIA. Kifaa kinaweza kuharibika, au data kupotea.

Linalosumbua ni 注意. Baadhi ya waandishi hulitumia kwa jeraha dogo, wengine kwa kifaa kuharibika, na wengine huliweka juu ya jambo linaloua. Kabla ya kuamua, tafuta ukurasa wa kueleza alama, ambao aghalabu huwa mwanzoni. Usipoupata, andika TAHADHARI. Kama yaliyo chini yake ni ya kifo, ongeza mstari wa «Maelezo ya mfasiri» unaosema hivyo waziwazi. Kupandisha daraja kimyakimya si kazi yako, na kulishusha ni marufuku.

Hatua ya 3. Pima nguvu ya kitenzi

Kichina cha maandishi ya kiufundi kina ngazi zake. 严禁 ni «ni marufuku kabisa». 禁止 na 不得 ni «ni marufuku» au «hairuhusiwi». 请勿 huanza na neno la adabu, lakini ni katazo kamili, kwa hiyo andika «usi-» bila «tafadhali». Tafadhali humfanya msomaji wetu aone kwamba anaombwa, na anayeombwa ana hiari.

Neno linalopotezwa zaidi ni 应. Katika mazungumzo linasikika laini, na wanaoanza huliandika «inafaa» au «ni vizuri». Katika lugha ya viwango vya Kichina, 应 ni «lazima». Lililo laini ni 宜, «inashauriwa», na 可 ni «inaruhusiwa». Ukiyachanganya hayo matatu, sharti la kuvaa glavu za kuhami umeme linageuka kuwa ushauri.

Hatua ya 4. Usitumie «funga» wala «fungua» kwa swichi

Hapa ndipo tafsiri sahihi kwa kamusi inapoweza kumuua mtu, kwa hiyo nenda polepole.

Kwa Kichina, kama ilivyo kwenye vitabu vya umeme, 闭合开关 ni kuunganisha njia ili umeme upite, na 断开开关 ni kuikata ili umeme usipite. Anayefuata kamusi ataandika «funga swichi» kwa la kwanza, kwa kuwa njia ya umeme imefungika ikawa duara, na «fungua swichi» kwa la pili.

Sasa sikiliza watu wanavyosema Kisauni au Likoni. Funga maji, funga redio: yaani zima. Fungua redio, fungulia maji: yaani washa. Fundi akisoma «fungua swichi ya disii kabla ya kugusa nyaya» anaweza kuiwasha kisha akashika waya. Kila neno limetafsiriwa, na maana imegeuka kinyume.

Kwa hiyo kwa swichi na breka tumia maneno mawili tu, washa na zima, ukiongeza alama fundi atakayoiona kwa macho: «Zima swichi ya disii, kishikio kielekee OFF.» Breka nyingi za Kichina huwa na herufi 合 upande wa kuwasha na 分 upande wa kuzima. Zichore herufi hizo kwenye tafsiri kama zilivyo. Fundi hahitaji kujua zinavyosomwa, anahitaji kuzitambua.

Kwa skrubu tumia «kaza» na «legeza». Kwa paneli juu ya reli, «funga paneli» haina shida, kwani hakuna fundi atakayeielewa vingine.

Hatua ya 5. Yataje majina ya vitu kwa uangalifu, hasa 电池

电池 peke yake ni betri. 蓄电池 pia ni betri, ile inayohifadhi umeme. Lakini 电池片 ni seli ndogo iliyo ndani ya paneli, na 太阳能电池板 ni paneli yenyewe. Ukiona 电池 ukaandika «betri» bila kutazama herufi zilizolizunguka, utamwambia fundi asikanyage betri wakati alipaswa kuambiwa asikanyage paneli.

Hatari zaidi iko kwenye kidhibiti chaji. Miongozo mingi ina sentensi ya namna hii:

先接蓄电池,再接太阳能电池板;拆卸时顺序相反。

Maana yake: «Unganisha betri kwanza, kisha paneli. Wakati wa kuondoa, fuata mpangilio wa kinyume.» Kidhibiti husoma volti za betri kwanza ili kijue ni mfumo wa volti 12 au 24. Ukikipa paneli kabla ya betri, kinaweza kuungua. Mfasiri aliyeandika «betri» mara mbili ameifuta sentensi yote. Nusu ya mwisho nayo usiiache fupi. Iandike kwa ukamilifu: «Wakati wa kuondoa, toa paneli kwanza, kisha betri.»

组件 kwenye waraka wa sola ni paneli, si «vipuri» wala «sehemu». 接线盒 ni kisanduku cha nyaya kilicho mgongoni mwa paneli. 接地 ni kuunganisha na ardhi, ambako mafundi wa hapa huita kupiga arthi. Waraka ukichagua jina, libaki lilelile hadi mwisho.

Hatua ya 6. Tafsiri onyo kipande kwa kipande

Tuchukue onyo moja la kawaida la inveta:

警告:组件受光照即产生直流高压,严禁带负载插拔连接器。维护前应先断开交流断路器,再断开直流开关,等待至少5分钟,并用万用表测量确认无电压后方可操作。

Tafsiri ya haraka huwa hivi:

«Onyo: paneli hutoa umeme mkubwa. Tafadhali usichomoe konekta ikiwa na mzigo. Kabla ya matengenezo inafaa kufungua breka ya eisii na swichi ya disii, subiri kama dakika 5, kisha pima na ufanye kazi.»

Inasomeka vizuri, na hilo ndilo tatizo, kwa sababu hakuna atakayeishuku. Hesabu yaliyopotea. 即 inasema umeme huanza papo hapo mwanga ukigusa paneli, hata alfajiri, hata kukiwa na mawingu, imeachwa. 直流, disii, imeachwa. 严禁 imekuwa ombi. 插拔 ni vitendo viwili, kuchomeka na kuchomoa, na kimoja kimebaki. «Mzigo» ni neno sahihi kwenye darasa la fizikia, lakini katika mji wa bandari mzigo ni shehena, na fundi atajiuliza konekta imebeba nini. 应 imekuwa «inafaa». 先…再 ilipanga nani wa kwanza, mpangilio umetoweka. «Fungua» tumeshaiona. «Angalau» imekuwa «kama». Na mwisho, Kichina kinadai uthibitishe kuwa hakuna volti, 后方可, ndipo uruhusiwe. Tafsiri inasema pima tu, bila kujali kipimo kimesomaje.

Iandike hivi:

ONYO. Paneli ikipata mwanga tu, papo hapo hutoa umeme wa disii wenye volti za juu. Ni marufuku kabisa kuchomeka au kuchomoa konekta wakati umeme unapita ndani yake. Kabla ya matengenezo, lazima ufuate mpangilio huu:
1. Kwanza zima breka ya eisii.
2. Kisha zima swichi ya disii.
3. Subiri dakika 5 au zaidi.
4. Pima kwa multimita.

Usianze kazi kabla multimita haijathibitisha kwamba hakuna volti.

Ni ndefu kuliko Kichina. Iache iwe ndefu. Kichina hubana masharti manne kwenye mstari mmoja na msomaji wake akayaona, ilhali kwa Kiswahili masharti yaliyobanwa hivyo hurukwa.

Kuna jambo moja ambalo Kichina chenyewe hakikulisema: upime wapi? Ukizima swichi ya disii, nyaya zinazotoka kwenye paneli hadi kwenye swichi hiyo bado zina volti zote, madamu kuna mwanga. Fundi akipima huko atakuta 490 na kudhani swichi imekufa. Usijaze pengo hilo ndani ya onyo. Muulize mtengenezaji kwa maandishi, na hadi ajibu, weka chini ya onyo: «Maelezo ya mfasiri: waraka wa Kichina hautaji mahali pa kupima. Nyaya za upande wa paneli hubaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa.»

Hatua ya 7. Namba zipite bila kuguswa

Alama ~ katikati ya namba mbili kwa Kichina ni «kuanzia… hadi», si «takriban». 16~20 N·m ni «kuanzia 16 hadi 20 N·m». Bolti ya kibanio ikikazwa kupita kiasi, kioo cha paneli huweza kupasuka; ikilegea, upepo wa kusi utaishughulikia.

不小于4 mm² ni waya «usiopungua 4 mm²». Ukiandika «waya wa 4 mm² hivi», mtu atatumia 2.5 iliyobaki kwenye kazi ya nyumba. 以上 hujumuisha namba yenyewe, kwa hiyo 5以上 ni «5 au zaidi», si «zaidi ya 5». Vipimo viandikwe kwa alama zilizo kwenye kifaa na multimita: V, A, mm², N·m.

Hatua ya 8. Palipo na tofauti kati ya Uchina na Mombasa, ongeza maelezo, usibadilishe

Rangi za nyaya ndizo mbaya kuliko zote. Kwenye umeme wa feizi tatu wa Kichina, feizi ni njano, kijani na nyekundu, nyutro ni samawati, na arthi ni kijani chenye mistari ya njano. Kwenye nyaya za zamani za hapa kwetu, zilizofuata Uingereza, kijani kitupu ni arthi na samawati ni feizi. Mchoro unaosema 绿线 usiutafsiri «waya wa kijani» ukaondoka. Andika «waya wa kijani, feizi ya pili», kisha maelezo ya mfasiri kwamba huu si waya wa arthi na kwamba kila waya upimwe kabla ya kuunganishwa.

Mwelekeo wa paneli ni tofauti isiyoua lakini ina hasara. Miongozo ya Kichina husema 朝南, zielekee kusini, kwa kuwa Uchina iko kaskazini ya ikweta. Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini yake, na kwetu paneli huinamishiwa kaskazini. Tafsiri «kusini» kama ilivyo, na maelezo yafuate hapo hapo.

Waraka ukitaja umbali kutoka baharini kwa sababu ya mvuke wa chumvi, 盐雾, acha masharti na mita zake zote. Kishawishi cha kuyafuta ni kikubwa, kwa kuwa kisiwani hakuna paa lililo mbali na maji. Lakini mnunuzi ana haki ya kujua kwamba paneli hiyo haikukusudiwa paa lake.

Hatua ya 9. Ijaribu kwa mikono, si kwa macho

Mpe msomaji wa pili maonyo ya Kiswahili peke yake ayarudishe kwa Kichina, kisha linganisha na asili ukianza na vitenzi na namba.

Baada ya hapo mpe fundi tafsiri na kifaa ambacho hakijaunganishwa na chochote. Usimwulize kama ameelewa, kwa sababu atasema ndiyo. Mwambie: «Fundi, soma hapa kisha nionyeshe.» Akisita, akigusa swichi isiyo yake, au akiruka dakika za kusubiri, kosa ni la sentensi. Iandike upya na umjaribu fundi mwingine, maana wa kwanza sasa anajua jibu.

Matatizo yanayojitokeza

*Hesabu ya maonyo hailingani.* Aghalabu lililopotea liko ndani ya mchoro, au maonyo mawili yameunganishwa kuwa moja. Fuata namba za jedwali moja moja, usitafute kwa kukisia.

*Maandishi yametolewa kwenye picha kwa programu.* 未, «haija-», huweza kusomwa 末, «mwisho». 不 huweza kutoweka kabisa na katazo likawa agizo. Nukta ya 1.5 hupotea ikawa 15. Kila onyo na kila namba visomwe kwa macho kwenye ukurasa wa asili.

*Toleo la Kiingereza linapingana na la Kichina.* Usichague linalokupendeza. Piga picha sehemu zote mbili, zitume kwa mtengenezaji, na uzuie ukurasa huo hadi jibu lije. Kama mteja hawezi kusubiri, ukurasa utoke ukiwa na kauli zote mbili na maelezo kwamba zinapingana.

*Mteja anataka yote yakae kwenye karatasi moja.* Punguza maelezo ya kampuni, shukrani na picha za mapambo. Ikiwa bado haitoshi, gawa kwa kazi: karatasi moja ya kufunga reli, moja ya nyaya za disii, moja ya kuwasha mara ya kwanza, na kila moja ibebe maonyo yake yote.

*Onyo la Kiswahili halitoshi kwenye nafasi ya lebo.* Tengeneza lebo kubwa zaidi na uibandike kando ya ile ya Kichina bila kuifunika. Chagua lebo inayovumilia jua. Karatasi ya printa ya kawaida iliyobandikwa kwenye ukuta wa nje hapa Mombasa hupauka upesi, na onyo likipauka itakuwa sawa na kwamba hukulitafsiri.